Faida milioni 5, pengo milioni 56: hesabu ya fedha ya mashine ya alizeti Mungaa

Mashine ndogo ya kukamua alizeti katika kata ya Mungaa, wilayani Ikungi, inaweza kumaliza Juni, Julai na Agosti ikiwa na faida ya karibu Sh milioni 5, na katika miezi hiyohiyo ikapungukiwa Sh milioni 56 za kuendeshea kazi. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inauliza kama biashara inalipa. Ya pili inauliza kama Jumanne ijayo, mkulima akishusha magunia 20 mlangoni, kuna fedha ya kumkabidhi. Benki huipenda hesabu ya kwanza, lakini mashine husimama kwa sababu ya hesabu ya pili.

Nitaifanya hesabu hiyo ya pili hatua kwa hatua, kwa mashine ya mfano. Bei na viwango nilivyotumia ni vya kukadiria, vya kukuonyesha njia. Ukiwa na mashine yako, weka zako.

Kwanza, robo mwaka ianze lini? Mwaka wa Serikali huanza Julai na wa kalenda huanza Januari, ila mashine ya alizeti haifuati yoyote kati ya hiyo. Singida ina msimu mmoja wa mvua, na alizeti inayopandwa mvua zikishika huanza kukauka na kupigwa kuanzia Mei. Mbegu zinamiminika Juni hadi Agosti, na kipindi hicho ndicho mkamuaji anachotakiwa kujaza ghala la kumfikisha Oktoba. Kwa hiyo robo yetu inaanza 1 Juni na kuishia 31 Agosti.

Gunia la mfano lina kilo 65 zilizopimwa kwenye mizani. Nasisitiza mizani kwa sababu lumbesa huvuruga hesabu yote: ukinunua kwa gunia na si kwa kilo, hujui gharama ya mafuta yako hata kidogo. Kilo moja ni Sh 1,000, hivyo gunia ni Sh 65,000. Likikamuliwa linatoa lita 18 za mafuta na kilo 44 za mashudu, na kinachobaki ni unyevu, vumbi na masimbi ya chujio. Mafuta tunayauza kwa jumla Sh 80,000 kwa dumu la lita 20, yaani Sh 4,000 kwa lita, na mashudu Sh 300 kwa kilo. Gunia moja basi linaingiza Sh 72,000 za mafuta na Sh 13,200 za mashudu, jumla Sh 85,200.

Upande wa gharama, juu ya Sh 65,000 za mbegu tunaongeza Sh 4,000 za ushuru wa mazao, gunia, kupakia na usafiri, kisha Sh 8,000 za umeme, vibarua na madumu. Mishahara ya kudumu na pango ni Sh milioni 1.5 kwa mwezi. Tukitoa pia asilimia 2 ya mauzo ya mafuta kwa madeni yasiyolipika, kila gunia linabakiza Sh 6,760 kabla ya mishahara hiyo. Mashine inakamua magunia 400 Juni, 500 Julai na 500 Agosti. Magunia 1,400 mara Sh 6,760, ukitoa mishahara ya miezi mitatu, yanaacha faida ya Sh milioni 4.96 kabla ya kodi, riba na uchakavu. Hiyo ndiyo milioni 5 tuliyoanza nayo.

Sasa weka faida pembeni ufuate fedha.

Mkulima wa Mungaa halipwi kesho. Anauza kwa sababu ana ada, ana deni la pembejeo, au ana mgonjwa, na mnunuzi mwingine yuko na lori lake barabarani. Umeme ni wa Luku, kwa hiyo nao unalipiwa kabla ya kutumika. Kibarua hulipwa jioni. Karibu kila shilingi inayotoka inatoka papo hapo.

Inayoingia haina haraka hiyo. Mashudu yana soko la taslimu: wenye mifugo na watengeneza chakula cha kuku huja na fedha na kuondoka na mzigo. Mafuta ndiyo yenye tabu. Duka la jumla la Singida mjini au Dodoma linachukua madumu kwa mali kauli, likiuza ndipo linalipa. Kwa kuangalia daftari la msimu uliopita, tuseme mashine yetu hupata asilimia 30 ya mauzo ya mafuta ndani ya mwezi wa mauzo, asilimia 50 mwezi unaofuata, asilimia 18 mwezi wa pili baada ya mauzo, na asilimia 2 haionekani tena. Viwango hivi usivikisie. Chukua ankara za miezi sita, andika tarehe ya kila malipo, ujumlishe. Ni kazi ya jioni mbili, na ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

Mauzo ya mafuta ya Aprili yalikuwa Sh milioni 16 na ya Mei milioni 20. Juni tutauza madumu 360, sawa na milioni 28.8. Julai na Agosti ni madumu 450 kila mwezi, milioni 36. Tuone makusanyo ya Julai peke yake: asilimia 30 ya mauzo ya Julai ni milioni 10.8, asilimia 50 ya mauzo ya Juni ni milioni 14.4, na asilimia 18 ya mauzo ya Mei ni milioni 3.6. Jumla milioni 28.8. Tumeuza mafuta ya milioni 36 na tumeshika milioni 28.8, wala hakuna aliyetudhulumu. Biashara inapokua, makusanyo hubaki nyuma ya mauzo kwa sababu unalipwa kwa ukubwa wako wa jana.

Ununuzi wa mbegu nao unatangulia ukamuaji. Tunanunua magunia 700 Juni, 900 Julai na 600 Agosti, jumla 2,200, wakati tunakamua 1,400 tu. Magunia 800 yanabaki ghalani mwisho wa Agosti. Juni kuna pia awamu ya kodi ya mapato, ambayo kwa anayefuata mwaka wa kalenda hulipwa kabla Juni haijaisha. Hapa nimeweka Sh 600,000. Uchakavu wa mashine hauingii kabisa kwenye hesabu hii, kwa kuwa hakuna anayekuja kuudai.

Hii ndiyo bajeti ya fedha ya robo, kwa milioni za shilingi:

| | Juni | Julai | Agosti |
|---|---|---|---|
| Makusanyo ya mafuta | 21.5 | 28.8 | 34.0 |
| Mashudu, taslimu | 5.3 | 6.6 | 6.6 |
| Jumla inayoingia | 26.8 | 35.4 | 40.6 |
| Mbegu | 45.5 | 58.5 | 39.0 |
| Ushuru, magunia, usafiri | 2.8 | 3.6 | 2.4 |
| Umeme, vibarua, madumu | 3.2 | 4.0 | 4.0 |
| Mishahara, pango | 1.5 | 1.5 | 1.5 |
| Kodi ya mapato | 0.6 | – | – |
| Jumla inayotoka | 53.6 | 67.6 | 46.9 |
| Tofauti ya mwezi | −26.8 | −32.2 | −6.3 |
| Salio bila mkopo (tulianza na 9.0) | −17.8 | −50.0 | −56.3 |

Mstari wa mwisho ndio pengo. Lakini pengo la milioni 56.3 si kiasi cha kukopa. Hakuna anayeendesha ununuzi wa mbegu akiwa na sanduku tupu. Mashine yetu inataka isishuke chini ya Sh milioni 4, ambazo kwa kasi ya Julai zinatosha karibu siku mbili za kununua. Ukiongeza kiasi hicho, mahitaji ya mkopo yanakuwa milioni 21.8 mwisho wa Juni, milioni 54 mwisho wa Julai na milioni 60.3 mwisho wa Agosti.

Wengi huishia hapo, wakaenda benki kuomba milioni 60. Wamekosea, na kosa lao liko ndani ya mwezi. Jedwali la kila mwezi linadhani fedha inaingia na kutoka kwa pamoja. Mbegu hazisubiri mwezi uishe, na maduka hulipa zaidi mwishoni, mishahara ya watumishi ikishatoka na wateja wao wakiwa na fedha. Tuseme kati ya magunia 600 ya Agosti, 400 yanaingia kabla ya tarehe 15. Hayo ni milioni 27.6 pamoja na ushuru na usafiri, na umeme na vibarua vya nusu mwezi ni milioni 2. Zinatoka milioni 29.6. Hadi tarehe hiyo tumekusanya milioni 10 tu kati ya 40.6. Tumepungukiwa milioni 19.6 juu ya deni la milioni 54 tulilotoka nalo Julai. Katikati ya Agosti mkopo unaohitajika ni milioni 73.6, si 60.3.

Tofauti hiyo ya milioni 13.3 haionekani popote kwenye jedwali la mwezi. Ndiyo inayomfanya mtu akimbilie mkopo wa siku chache kwa riba ya kuumiza, huku karatasi zake zikisema yuko sawa. Mwezi wenye ununuzi mkubwa ugawe kwa wiki. Miezi mingine iache kama ilivyo. Ukiongeza riba ya Juni na Julai, karibu milioni 1, kikomo cha kuomba ni Sh milioni 75.

Je, mkopo huo utarudi? Mwisho wa Agosti ghala lina magunia 800, thamani yake milioni 52, na wadeni wa mafuta wanaotarajiwa kulipa wana karibu milioni 31. Jumla milioni 83 dhidi ya deni la milioni 60. Septemba tunanunua magunia 200 tu, na hata baada ya kulipa awamu nyingine ya kodi inabaki ziada ya karibu milioni 22. Oktoba hatununui kitu, tunakamua kilichomo ghalani, na ziada ni milioni 36.4. Novemba deni limekwisha. Hili ndilo jaribio la mkopo wa muda mfupi: lazima uweze kuonyesha mwezi ambao mali iliyonunuliwa kwa mkopo inageuka fedha ya kuulipa. Ukishindwa kuutaja mwezi huo, unachohitaji ni mtaji wa kudumu, na mkopo wa miezi sita utakuwa kitanzi.

Sasa bei ya fedha yenyewe. Tuchukue riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Kwa ovadrafti, riba inahesabiwa kwa kiasi kilichochotwa tu: Juni kwa milioni 21.8, Julai kwa milioni 54, na kuendelea hadi Novemba. Ukichukua salio kubwa zaidi kati ya la mwanzo na la mwisho wa kila mwezi inafika karibu Sh milioni 3.2, na kilele cha katikati ya Agosti kinaongeza kidogo. Ukichukua mkopo wa mkupuo wa milioni 65 tarehe 1 Juni na kuurudisha baada ya miezi sita, riba ni milioni 5.2, kwa sababu Juni umelipia fedha iliyokuwa imelala. Nao mkupuo huo hautoshi katikati ya Agosti. Unalipa zaidi na bado unapungukiwa.

Linganisha na faida. Toka Juni hadi Novemba mashine inakamua magunia 2,400, na faida kabla ya kodi, riba na uchakavu ni milioni 7.2. Ovadrafti ya asilimia 16 inaacha milioni 4. Mkupuo unaacha milioni 2. Kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, wale wa Daraja la Pili, kikomo cha riba cha Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, hata ukichota kidogo kidogo, riba inafika milioni 8.3. Faida yote imeliwa na umeongeza milioni moja kutoka mfukoni, na hapo bado tuko ndani ya sheria. Hatujagusa mikopo inayoitwa kausha damu. Kwa upande mwingine, Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Kwa asilimia 9, riba ya mashine yetu ingekuwa milioni 1.8. Kabla ya kujadili kiasi na meneja wa mikopo, muulize kama ukamuaji wako unahesabiwa kuwa kilimo au biashara. Jibu lake lina thamani ya karibu milioni moja na nusu.

Wapo watakaosema dawa ni kuwapa wenye maduka punguzo ili walipe taslimu. Fanya hesabu kwanza. Punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa leo badala ya mwezi ujao ni bei ya asilimia 2 kwa mwezi. Ovadrafti yetu ni asilimia 1.33. Punguzo hilo ni ghali kuliko benki, isipokuwa kwa mteja ambaye una wasiwasi hatalipa kabisa.

Kinachoweza kuvunja bajeti hii ni vitu viwili, na ni vizuri kujua ukubwa wa kila kimoja. Mbegu zikipanda kwa Sh 100 kwa kilo, magunia 2,200 yanahitaji milioni 14.3 zaidi. Maduka yakichelewa, tuseme kuanzia mauzo ya Juni yakalipa asilimia 20 mwezi wa mauzo, 40 unaofuata na 38 wa pili, mwisho wa Agosti tumepungukiwa milioni 10.8 zaidi, ingawa hakuna hata dumu moja lililopotea. Bei ya mbegu utaiona mara moja kwenye mizani, lakini ucheleweshaji unaingia kimyakimya. Kinachoukamata ni jumla ya wadeni: kwa viwango vyetu, jioni ya 31 Julai daftari linatakiwa lionyeshe asilimia 20 ya mauzo ya Juni na asilimia 70 ya mauzo ya Julai, karibu milioni 31. Ukikuta 40, usisubiri Agosti. Punguza mali kauli wiki hiyohiyo.

Kuna tarehe moja zaidi ya kuzungushia duara. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula ya nchi hii huagizwa kutoka nje, hivyo bei ya dumu letu inafuata bei ya mawese bandarini. Bajeti ya Serikali husomwa Dodoma katikati ya Juni, na ushuru wa forodha ukibadilika huanza 1 Julai, wakati sisi tumeshanunua mamia ya magunia kwa bei ya zamani na tunakaribia kununua mengine 900. Mimi ningebakiza sehemu ya ununuzi wa Juni hadi hotuba hiyo isomwe, hata kama bei ya mbegu imepanda kidogo.

Hilo linatuleta kwenye swali ambalo waombaji mikopo huliruka: je, magunia 800 ya ghalani yanastahili kukopewa? Gunia lililokwisha kufika limegharimu Sh 69,000. Kulihifadhi miezi mitatu kwa asilimia 16 kunagharimu Sh 2,760, karibu Sh 42 kwa kilo, bado panya na kupungua uzito. Ukitarajia mbegu zipande kutoka Sh 1,000 hadi 1,150 kufikia Oktoba, kopa ununue. Ukitarajia 1,040, usikope. Mwenye ghala anayenunua kwa sababu tu mbegu zipo anailipa benki kumlindia mzigo.

Na benki ikikubali milioni 60 badala ya 75, usisaini ukitumaini Agosti itajipa yenyewe. Ondoa magunia 220 kwenye ununuzi wa kabla ya 15 Agosti. Yanaokoa milioni 15.2, kilele kinashuka hadi milioni 59.4 pamoja na riba, na mkopo unatosha. Gharama yake ni kwamba mashine itakosa mbegu katikati ya Oktoba badala ya mwisho wa mwezi.